Umeme unaisha kabla ya hesabu: kutafuta gharama halisi ya kifaa kimoja

Jirani yangu wa Mbagala, mama anayeuza barafu za ubuyu, alinigongea saa mbili usiku akiwa na risiti ya LUKU mkononi.

"Mwanangu, hebu niangalizie. Nimenunua umeme wa elfu kumi Jumatatu, leo Jumamosi mita inalia."

"Shikamoo mama. Ni ile friji uliyonunua juzi?"

"Marahaba. Ndiyo hiyo hiyo. Aliyeniuzia kaniambia inakula uniti moja kwa siku. Binti yangu kapiga hesabu ya shuleni kapata tatu na nusu na ushee. Sasa nishike la nani?"

Kesho yake tulipima. Friji ilikuwa inakula uniti 2.9 kwa siku. Muuzaji alikosea, binti naye alikosea, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mkoba wa mama ulikuwa na tatizo la tatu ambalo halikuhusu friji kabisa. Mambo haya matatu ndiyo ninayokutana nayo karibu kila nyumba ninayoitwa, pamoja na la nne ambalo ni nadra lakini linauma zaidi. Nitayapitia kwa dalili zake.

Hesabu yenyewe ni fupi:

```
uniti   = wati × saa ÷ 1000
gharama = uniti × bei ya uniti moja
```

Uniti moja ya LUKU ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa nzima bila kukata imekula uniti moja. Birika la wati 2,000 likichemsha dakika tano limekula uniti 0.17. Kanuni hii haidanganyi. Kinachodanganya ni zile namba tatu tunazoiingizia, yaani wati tulizosoma siko, saa ambazo kifaa hakikuvuta umeme, na bei tuliyoisikia kwa mtu badala ya kuisoma kwenye risiti.

Dalili: hesabu inatoa uniti nyingi kuliko mita

Hili ndilo kosa la binti. Alisoma wati 150 kwenye kibandiko kilicho nyuma ya friji, akazidisha kwa saa 24, akapata uniti 3.6. Hesabu yake haina doa. Lakini friji nzima haivuti umeme saa 24. Kompresa huwaka mpaka ndani pafikie ubaridi uliowekwa, kisha themostati inaikata, inapumzika, inawaka tena. Ukikaa karibu nayo utaisikia, inanguruma, inatikisika kidogo, halafu kimya. Friji nzima ya kawaida nyumbani, kwa joto la Dar es Salaam, nikiishika saa huwa naikuta inawaka kama dakika 14 na kupumzika kama dakika 21. Hapo imefanya kazi asilimia 40 tu ya muda, yaani saa tisa na nusu kwa siku.

Jambo la pili ni hizo wati 150. Namba ya kibandiko ni kiwango ambacho kifaa kimetengenezewa, na kwa vifaa vyenye mota mara nyingi huwa juu kuliko kinachovutwa siku za kawaida. Kompresa ya mama ilikuwa inavuta wati 120. Kwa hiyo friji hiyo ingekuwa nzima, hesabu ingekuwa wati 120 mara saa 9.6, sawa na uniti 1.15 kwa siku. Muuzaji hakuwa mbali sana. Alizungumzia friji nzima, na aliyoiuza haikuwa nzima.

Kifaa chochote kinachojikata chenyewe hesabu yake ni hivyo hivyo. Pasi, oveni, hita ya maji ya tangi na kiyoyozi vyote vina themostati. Ukiona taa ya pasi imezimika ujue kwa wakati huo haili kitu. Namba ya kuweka kwenye kanuni ni saa za kuvuta umeme, si saa za kuchomekwa kwenye soketi.

Mara nyingine kosa liko kwenye namba yenyewe iliyosomwa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huwa na uwezo wa kupoza wa karibu wati 3,500, na namba hiyo imeandikwa kwa ufahari kwenye kibandiko. Umeme kinaouvuta ni mdogo zaidi, kwa kawaida karibu wati 1,100. Nimeshakuta mtu ameacha kuwasha kiyoyozi chumba cha mgonjwa kwa sababu alizidisha ile namba kubwa. Ukiona namba mbili za wati kwenye kiyoyozi, ya umeme ni ile ndogo.

Kwa pampu ya maji mambo yamegeuka. Pampu ya nguvu farasi moja hutoa wati 746 za kuzungusha maji, lakini umeme unaoingia hufika wati 1,000 na zaidi, kwa sababu sehemu inapotea kwa joto ndani ya mota. Maikrowevu nayo ni hivyo: wati 700 zilizoandikwa mbele ya mlango ni za kupasha chakula, za umeme ziko kwenye kibandiko cha nyuma na ni nyingi zaidi.

Dalili: mita inakula kuliko hesabu

Hapa ndipo friji ya mama ilipokuwa, na hapa ndipo penye kazi, kwa sababu karatasi haiwezi kukuonyesha ugonjwa wa kifaa. Lazima mita iulizwe.

Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu usoni, na karibu yake pameandikwa mfano `1000 imp/kWh`. Maana yake taa ikiwaka mara 1,000 uniti moja imekwisha. Kwa hiyo kwenye mita ya namna hiyo kila kuwaka mara moja ni wati moja kwa saa moja, au sehemu moja ya elfu ya uniti. Kama yako imeandikwa 1600 au 3200, gawa 1,000 kwa namba hiyo upate uzito wa kila mara moja inapowaka.

Tulizima kila kitu nyumbani kwa mama. Taa, feni, tivii, hata chaja zilizobaki kwenye soketi zilichomolewa. Taa ya mita ikatulia, na hilo ni la kuhakikisha kwanza, kwani isipotulia kipimo chako kina mgeni. Kisha tukachomeka friji peke yake. Binti alikaa na daftari, mimi nikashika saa. Dakika 20, taa iliwaka mara 40. Zidisha kwa tatu upate saa nzima: mara 120, yaani wati 120. Hapo ndipo nilipoona kibandiko kilisema kingi.

Tukaendelea kukaa. Nilitaka kusikia kompresa ikikata. Nusu saa, dakika 40, saa nzima ikapita, nayo inanguruma tu. Katika saa nzima taa iliwaka mara 120 bila pumziko hata moja. Wati 120 kwa saa 24 ni uniti 2.88, na hiyo ndiyo namba iliyokuwa ikimaliza umeme. Vitu vingine vya nyumba, kwa makadirio yetu, vilikula kama uniti 1.2 kwa siku. Jumla uniti nne na kidogo. Risiti yake ya elfu kumi ilikuwa na uniti 23.9. Gawanya, unapata siku sita kasoro. Jumatatu hadi Jumamosi. Mita ilikuwa mkweli siku zote.

Kompresa isiyokata ina sababu chache za kuangalia kabla ya kumwita fundi wa gesi. Anza na mpira wa mlango. Weka noti ya elfu moja kati ya mpira na mwili wa friji, funga mlango, kisha ivute noti. Ikitoka kwa kukaza, mpira unashika. Ikitoka yenyewe, joto linaingia hapo usiku na mchana. Zungusha noti pande zote nne, maana mpira hufa upande mmoja kwanza. Wa mama ulikuwa umekufa chini, upande wa bawaba, mahali ambapo maji ya ubuyu yalikuwa yakimwagika na kuugandisha mpaka ukapasuka.

Kisha tazama nyuma. Friji hutoa nje joto ililolitoa ndani, na kama imebanwa ukutani au mabomba yake ya nyuma yamevaa vumbi kama blanketi, joto hilo halina pa kwenda. Ya mama ilikuwa imegusa ukuta. Tukaisogeza upana wa kiganja, tukapangusa mabomba kwa brashi, friji ikiwa imechomolewa. Kama friji yako ni ya aina ya zamani inayoota barafu, angalia pia unene wa barafu ndani. Ikishazidi unene wa kidole huwa blanketi jingine, izime iyeyuke. Usiitoboe kwa kisu, chini yake ndipo mabomba ya gesi yanapopita.

Ukishamaliza hayo yote na bado kompresa haikati na ndani hapapoi vizuri, hapo gesi imepungua au kompresa imechoka, na ni kazi ya fundi friji.

Baada ya mpira mpya tulipima kwa njia ya pili, ambayo ni rahisi kuliko kuhesabu taa. Tulisoma uniti zilizobaki saa mbili asubuhi, tukaacha friji peke yake siku nzima mama akiwa kwa dada yake, mjukuu akija kufungua na kuwauzia wateja kama kawaida bila kuwasha kitu kingine, tukasoma tena saa mbili asubuhi iliyofuata. Uniti 1.3. Ni zaidi ya 1.15 niliyoitarajia, na sababu ni mlango unaofunguliwa kila mtoto wa shule anapopita. Hiyo sasa ndiyo gharama ya friji hiyo katika nyumba hiyo na biashara hiyo, na hakuna kibandiko kingeweza kuitaja.

Njia hii ya pili ndiyo pekee inayofaa kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kile kifaa cha kubonyezea namba tu. Hutaiona taa, lakini salio unaliona.

Upande huu wa mita kula kuliko hesabu una mkosaji mwingine ambaye hasemwi sana: dakika. Watu huhesabu saa za tivii, ambayo ni wati 60 au 80, na kusahau bafuni. Hita ya kuogea ya papo kwa papo ya wati 5,500 ikitumika dakika kumi inakula uniti 0.92. Watu wanne, kila mmoja dakika kumi, ni uniti 3.7 kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 110. Hiyo inapita hata friji mbovu ya mama, ilhali inawashwa dakika 40 tu kwa siku. Mtu akiniambia "sisi hatuna kitu kinachokula umeme, ni ile hita tu, nayo tunaiwasha kidogo", huwa naishika hiyo kwanza.

Dalili: uniti zinalingana, fedha hazilingani

Hapa kifaa hakina kosa. Kosa liko kwenye bei.

Kwa risiti ninazofanyia hesabu hapa, mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, jumla asilimia 22. Uniti inafika shilingi 356.24. Ndiyo maana elfu kumi huleta uniti 28 na kidogo.

Basi mbona ya mama ilileta 23.9? Tazama risiti yake mstari kwa mstari: lilikuwa nunuzi lake la kwanza la mwezi, na kodi ya jengo ya shilingi 1,500 ilikatwa hapo hapo. Iliyobaki kununua umeme ilikuwa 8,500. Kodi hii imekuwa ikikatwa kwenye LUKU tangu 2021. Kama umepitisha miezi bila kununua, unaponunua inadai ya miezi hiyo pia. Ukigawa 10,000 kwa uniti 23.9 utapata bei ya zaidi ya shilingi 418 na utadhani umeme umepanda. Hivyo toa kodi ya jengo kwanza, ndipo ugawe:

```
bei ya uniti = (fedha uliyolipa − kodi ya jengo na madeni) ÷ uniti ulizopata
```

Fanya hivi kwa risiti yako ya karibuni badala ya kuchukua namba zangu, kwa sababu viwango hubadilika na risiti ndiyo inayokulipisha. Kwa bei hii friji ya mama ilikuwa inagharimu karibu shilingi 30,800 kwa mwezi kabla ya mpira, na karibu 13,900 baada yake.

Lakini kuna nyumba ambayo kanuni yetu inashindwa kabisa, nayo ni ya mtu wa kundi la D1. Hili ni kundi la matumizi madogo, kwa wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, 122 baada ya makato, hivyo uniti 75 ni shilingi 9,150. Ukipita 75 ndani ya mwezi, zinazozidi huuzwa shilingi 350 kabla ya makato, yaani 427 mkononi. Na wastani wako ukishazidi 75, unahamishiwa T1, ambako hata uniti ya kwanza ni 356.

Dada yangu anaishi Kibaha na alikuwa D1, akitumia kama uniti 50 kwa mwezi. Alikuwa analipa shilingi 6,100. Akanunua friji nzima kabisa, mpira unashika, kompresa inakata vizuri, uniti 1.15 kwa siku. Kwa kanuni ya kawaida friji hiyo ingemwongezea uniti 35 kwa mwezi, kama shilingi 12,500 kwa bei ya T1, au 4,270 tu kwa bei yake ya D1. Haikuwa hivyo. Matumizi yalifika uniti 85, akahamishwa kundi, na uniti 85 za T1 ni shilingi 30,280. Friji moja ilimwongezea 24,180 kila mwezi, kwa sababu ilizipandisha bei pia zile uniti 50 za taa na tivii alizokuwa nazo tangu zamani. Alinilaumu kuwa friji ni mbovu. Niliipima mara mbili kabla ya kuomba risiti zake za nyuma, na hilo lilikuwa kosa langu, risiti ingeniambia kwa dakika moja.

Kwa hiyo ukiwa D1, swali la kujiuliza kabla ya kununua kifaa ni hili: nikijumlisha uniti zake na ninazotumia sasa, nitabaki chini ya 75? Kama jibu ni ndiyo, zidisha kwa 122. Kama ni hapana, usizidishe uniti za kifaa peke yake. Piga hesabu ya nyumba nzima kwa T1, toa unachokilipa leo, tofauti yake ndiyo gharama ya kifaa hicho. Kujua uko kundi gani ni rahisi: gawa kama nilivyoonyesha. Ikija karibu na 122 uko D1, ikija karibu na 356 uko T1. Kama unatumia kidogo miezi mfululizo na risiti inasema T1, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita na risiti za miezi hiyo ukaulize kundi lako.

Dalili: kila kitu kimezimwa na uniti zinapungua

Chomoa vyote, kisha tazama taa ya mita. Ikiwaka mara kumi ndani ya dakika kumi kwenye mita ya `1000 imp/kWh`, kuna wati 60 zinakwenda mahali usipopajua. Ni uniti 1.44 kwa siku, karibu shilingi 15,400 kwa mwezi kwa T1, na hakuna kifaa cha kuziandikia.

Zima swichi kuu ya nyumba. Taa ya mita ikitulia, tatizo liko ndani kwako. Iwashe tena huku breka zote zikiwa chini, kisha pandisha moja moja ukitazama mita. Ile inayoamsha taa ndiyo njia yenye mgeni. Fuata njia hiyo mpaka mwisho: mara nyingi ni taa ya uani au pampu ambayo waya wake umezikwa ardhini bila bomba, ngozi yake imekwaruzwa na jembe au kuliwa na mchwa, na umeme unavujia kwenye udongo. Dalili yake ni kwamba uniti zinakimbia zaidi baada ya mvua. Breka hiyo iache chini mpaka fundi aifikie, na usimruhusu mtoto kupita hapo peku, maana umeme unaovuja ardhini unaweza kuua.

Swichi kuu ikiwa imezimwa na taa ya mita bado inawaka, basi umeme unatoka kati ya mita na swichi kuu. Inaweza kuwa waya umechubuka, inaweza kuwa mtu amejiunga hapo. Usifungue mita wala kukata lakiri yake. Andika saa uliyozima, salio lililokuwapo, na salio baada ya saa mbili, piga picha zote mbili, kisha toa taarifa TANESCO ukiwa na hizo namba. Mita ikiwa kwenye nguzo, fanya kipimo hicho hicho kwa salio la kwenye kifaa cha ndani kabla ya kuzima na baada ya kuwasha.